Alama ya kijani, alama nyeusi: kuchagua kati ya karati 9, 18, 22 na dhahabu ya kuchovya

Watu wawili wanaweza kuingia kwa sonara mmoja Kariakoo asubuhi moja, kila mmoja ameshika mkufu wake mkononi na lalamiko ni lile lile: "Fundi, dhahabu yako inanichafua shingo." Mmoja ana mstari wa kijani. Mwingine ana mstari mweusi. Wote wameshaambiwa na ndugu zao kwamba wameuziwa feki. Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kulehemu vito hivi, na nawaona kama watu wenye maswali mawili tofauti. Wa kijani ana haki ya kuuliza dhahabu yake ina shaba kiasi gani. Wa mweusi inabidi kwanza aulizwe amejipaka nini asubuhi ile.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kununua cheni, pete au bangili hapa Dar, au ambaye tayari anayo na imeanza kumtia wasiwasi. Nitaziweka bega kwa bega karati 9, karati 18, karati 21 na 22, na vile vitu vya kuchovya, yaani vya shaba au fedha vilivyopakwa utando wa dhahabu juu, lakini kipimo changu ni kimoja tu: kila kimoja kinafanya nini juu ya ngozi yenye jasho.

Dhahabu yenyewe haina hatia

Dhahabu tupu haishiki kutu, haibadiliki kwa jasho, haiungani na hewa wala na chumvi ya bahari. Ndiyo maana sarafu za dhahabu hutolewa chini ya bahari baada ya karne nyingi zikiwa bado za njano. Tatizo ni kwamba dhahabu tupu ni laini mno. Pete ya karati 24 ukiivaa kila siku itapinda na kujaa michubuko, kwa hiyo sonara huichanganya na shaba na fedha, mara nyingine na zinki, nikeli au paladi. Karati ni hesabu ya mafungu 24: karati 18 maana yake mafungu 18 ni dhahabu na 6 ni vitu vingine. Namba inayogongwa ndani ya pete ni hesabu hiyo hiyo kwa mafungu 1,000.

| Aina | Muhuri | Dhahabu ndani ya gramu 10 | Uzito wa mililita moja |
|---|---|---|---|
| Karati 22 | 916 | gramu 9.16 | karibu gramu 17.8 |
| Karati 21 | 875 | gramu 8.75 | karibu gramu 17 |
| Karati 18 | 750 | gramu 7.5 | karibu gramu 15.5 |
| Karati 9 | 375 | gramu 3.75 | karibu gramu 11 |
| Shaba ya njano iliyochovywa | wowote | utando tu | karibu gramu 8.5 |

Safu ya mwisho iache kwanza, tutairudia tukipima bangili.

Kuna jambo moja ambalo jedwali hili linalificha, nalo ndilo linaloeleza kwa nini karati 9 na karati 18 hazifanani kabisa shingoni. Tunahesabu karati kwa uzito, ila jasho halijui uzito. Jasho linagusana na atomi, na atomi moja ya dhahabu ni nzito mara tatu ya atomi ya shaba. Kwa hiyo shaba kidogo kwa uzito ni atomi nyingi kwa idadi. Katika karati 18, robo tatu ya uzito ni dhahabu, lakini ukihesabu atomi moja moja dhahabu ni kama nusu tu. Katika karati 22 dhahabu ni kama nne kati ya kila atomi tano. Katika karati 9 ni kama moja kati ya kila sita. Zilizobaki ni shaba, fedha na zinki.

Atomi za dhahabu zikifika nusu au zaidi, zinazikinga zile za shaba zilizo katikati yake, na hata tindikali ya naitriki peke yake haiwezi kuitoa shaba hiyo nje. Zikipungua sana chini ya nusu, shaba inapata njia ya kutoka. Ndiyo sababu karati 18 ya njano iliyo halali ni nadra kuacha kijani, na ndiyo sababu karati 9, ingawa ni dhahabu halali inayouzwa kihalali katika nchi nyingi, inaweza kumwachia mtu alama bila muuzaji kuwa amemdanganya.

Kijani: shaba inazungumza

Jasho lina chumvi, na kwa kawaida lina uchachu kidogo. Likikaa kati ya kito na ngozi, shaba iliyo juu ya kito huyeyuka kidogo kidogo na kuungana na chumvi hiyo pamoja na mafuta ya ngozi. Kinachotokea ni chumvi za shaba, nazo rangi yake ni kijani au kijani cha samawati. Hazina sumu ya kukutisha kwa kiasi hicho, na zinatoka kwa maji na sabuni. Alama isiyotoka kwa sabuni, inayowasha, yenye vipele au maji maji, hiyo si chumvi ya shaba. Mara nyingi ni mzio wa nikeli. Vua kito hicho, nenda kwa daktari wa ngozi, na usijaribu kukisugua kiwe safi ili ukivae tena.

Dar inasaidia sana kazi hii. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mtu aliyesimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Posta anafika na jasho limejaa chini ya mkufu, halikauki, na hewa yenyewe ina unyevu na chumvi ya bahari. Mkufu ule ule ungevaliwa Iringa mwezi wa Julai huenda usingeacha chochote. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema, "Mbona dada yangu anauvaa na haumfanyi hivyo," usiharakishe kuamini wala kukataa. Watu hawatoki jasho sawa, wala jasho lao halina uchachu sawa.

Cha kuangalia zaidi ya rangi ni mahali alama ilipo na muda iliochukua kutokea. Haya mawili yanasema mengi kuliko kijani chenyewe.

Kijani kikizunguka shingo yote au kidole chote, ndani ya siku chache tu tangu ununue, una kitu chenye shaba nyingi juu kabisa: ama karati ya chini sana, ama kitu cha kuchovya ambacho utando wake ni mwembamba mno. Kijani kikichelewa miezi kadhaa kisha kikaanza kwenye kingo, sehemu zinazosuguana na nguo au meza, hapo karibu kila mara ni kuchovya. Utando umekwisha kwenye kingo na shaba ya chini imetokeza. Itazame kingo hiyo kwenye mwanga wa jua. Utaona rangi inageuka kuwa ya wekundu au ya njano iliyopauka, tofauti na katikati.

Halafu kuna kijani cha sehemu moja tu. Hiki ndicho kinachonihuzunisha, kwa sababu watu wanatupa au kuuza kwa hasara mkufu mzuri kabisa. Mtu ana cheni ya karati 21 aliyoachiwa na bibi yake, haijawahi kumwachia kitu, kisha ghafla kuna doa la kijani la ukubwa wa punje ya mchele nyuma ya shingo, karibu na kifungio. Muulize kama iliwahi kukatika. Jibu huwa ndiyo. Fundi alipoilehemu alitumia lehemu ya karati ya chini, kwa kuwa lehemu ni lazima iyeyuke kabla ya cheni yenyewe, na njia rahisi ya kuifanya iyeyuke mapema ni kuongeza shaba na zinki. Lehemu nzuri ya karati 21 inakaribia karati ya cheni. Lehemu ya haraka haraka inaweza kuwa shaba na fedha bila dhahabu ya maana. Cheni ile si feki. Kiungo kimoja ndicho kibovu, na kinaweza kukatwa na kulehemiwa upya. Ukipeleka cheni kutengenezwa, mwambie fundi wazi: "Naomba lehemu ya karati ile ile." Anaelewa, na atakutajia bei tofauti kidogo.

Kifungio nacho kikague. Ndani ya vifungio vingi kuna springi ndogo ya chuma, hata kwenye mikufu ya karati 18, na springi hiyo ikishika kutu inaacha doa la kahawia. Wengi huliona wakadhani mkufu mzima umeoza.

Nyeusi: tazama ngozi kabla ya dhahabu

Alama nyeusi ina njia mbili za kuja, na kosa kubwa ni kuzichanganya.

Njia ya kwanza haina uhusiano wowote na ubora. Poda, losheni na krimu nyingi zina vumbi gumu la madini ndani yake, hasa zinki oksaidi, na kwenye krimu za kukinga jua oksidi ya titani. Vumbi hilo ni gumu kuliko dhahabu. Mkufu unapocheza shingoni, vumbi linaukwangua na kutoa chembe ndogo mno za dhahabu yenyewe. Kipande cha dhahabu kinang'aa njano, lakini dhahabu ikisagwa ikawa vumbi laini kupita kiasi, mwanga hauwezi kurudi vizuri na tunaliona jeusi. Maana yake ule weusi shingoni unaweza kuwa dhahabu halisi, na dhahabu laini ya karati 22 inakwanguka kwa urahisi kama nyingine yoyote. Kwa mtu wa aina hii, kusema "ingekuwa dhahabu kweli isingechafua" ni kumwambia jambo lisilo kweli.

Hapa kwetu chanzo ninachokikuta mara nyingi ni poda ya vipele vya joto, ile inayopakwa shingoni na kifuani baada ya kuoga, na ile dawa ya pinki ya kalamaini wanayopakwa watoto wenye vipele. Soma kibandiko. Ulanga, ambao ndio sehemu kubwa ya poda za kawaida, ni laini kuliko dhahabu na peke yake haukwangui. Ukiona zinki kwenye orodha, hapo unayo sababu.

Njia ya pili ni fedha na shaba iliyo ndani ya mchanganyiko kushikwa na salfa. Salfa iko kwenye sabuni za salfa, kwenye dawa za mba na za upele, kwenye glavu za mpira, hata kwenye mayai na vitunguu unapopika. Ikigusana na fedha hutengeneza utando mweusi, na utando huo hutoka kidogo kidogo ukabaki ngozini. Karati 22 ina fedha kidogo mno kwa jambo hili kuonekana. Karati 9 inayo ya kutosha. Na kitu cha fedha kilichochovywa dhahabu, utando ukianza kuisha, kinakuwa cheusi haraka kuliko vyote.

Utazijuaje hizi mbili? Kiangalie kito chenyewe. Kama alama shingoni ni nyeusi lakini mkufu unang'aa vizuri, tena pengine unang'aa kuliko mwanzo, ni kukwanguliwa na poda. Kama mkufu nao umefifia au una weusi kwenye pingili, hasa sehemu za ndani zisizosuguliwa, ni salfa, na hapo swali la karati lina maana.

Ukitaka uhakika, jaribio hili halina gharama. Osha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko kwa sabuni, futa ikauke kabisa. Osha mkufu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, utumie mswaki laini, kisha uukaushe. Mkono wa kulia usiupake kitu. Wa kushoto upake poda au losheni yako ya kila siku na usubiri ikauke. Sasa upitishe mkufu juu ya kila mkono kwa mkandamizo ule ule, nenda rudi kama mara kumi. Mstari mweusi ukitokea kushoto peke yake, mkufu hauna kosa. Poda yako inausaga. Ukitokea pande zote mbili baada ya kuosha vizuri, peleka mkufu ukapimwe. Kito kipya kabisa kinaweza kuacha weusi siku za kwanza kwa sababu ya nta ya kung'arishia iliyobaki kwenye pingili, ndiyo maana nimeanza na kuosha.

Bangili iliyonunuliwa kama karati 22

Nieleze moja kwa ukamilifu. Mama mmoja wa Magomeni alileta bangili aliyomnunulia binti yake kwa ajili ya send-ofu. Aliuziwa kama karati 22, ndani imegongwa 916, na mkono wa binti ulikuwa umepata kijani pande zote tangu wiki ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli tu, hata kama ni mbaya."

Kwanza nilipima uzito: gramu 14.20. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaifunga bangili kwa uzi mwembamba na kuizamisha yote bila kugusa ukingo wala chini ya kikombe. Mizani ikasoma gramu 1.24. Hiyo ndiyo nafasi ambayo bangili imechukua ndani ya maji, maana gramu moja ya maji ni mililita moja. Ukigawanya 14.20 kwa 1.24 unapata karibu 11.5. Rudi kwenye jedwali. Bangili ya karati 22 yenye uzito huo ingechukua mililita 0.80 tu, na mizani ingesoma hivyo. Shaba ya njano ingesoma karibu 1.67. Kilichokuwa mbele yangu kilikaa jirani na karati 9.

Hapa mtu asiye mwangalifu angesimama na kutoa hukumu. Lakini bangili nyingi zina uwazi ndani, na hewa iliyofungiwa humo inaongeza nafasi bila kuongeza uzito. Bangili halisi ya karati 22 yenye tumbo tupu inaweza kusoma 11 bila kosa lolote. Kwa hiyo nikachukua jiwe la kupimia, lile jiwe jeusi laini ambalo masonara wamelitumia tangu zamani. Nikasugua bangili upande wa ndani, mahali ilipochakaa, ikaacha mstari wa njano. Pembeni yake nikachora mistari miwili kwa sindano za karati zinazojulikana, ya 22 na ya 18. Kisha nikadondosha tindikali ya naitriki ikapita juu ya mistari yote mitatu. Ile ya 22 na 18 ilibaki kama ilivyo. Ya bangili iligeuka kahawia mbele ya macho yake na kuanza kufutika. Tindikali ya naitriki tupu haiwezi kufanya hivyo kwenye karati 18, wala kwenye karati 14. Kama ingekuwa shaba ya njano tupu, mstari ungetoweka mara moja kwa povu la kijani. Vipimo viwili vikakubaliana: dhahabu ipo, lakini ni kama karati 9.

Kwa fedha maana yake ni hii. Katika gramu 14.20 za karati 22 kuna gramu 13 za dhahabu tupu. Katika gramu 14.20 za karati 9 kuna gramu 5.3. Mama alilipia 13 akapewa 5.3, na muhuri wa 916 ulikuwa umegongwa tu. Nyundo na chapa ya kugongea namba mtu yeyote anaweza kuwa nazo. Alichokuwa nacho mkononi cha kumsaidia ni risiti ya mashine yenye neno "karati 22" na uzito, na kwa risiti ile alirudi dukani akiwa na la kusema.

Kipimo cha maji unaweza kukifanya nyumbani kwa mizani ndogo inayosoma gramu 0.01, ila kina mipaka. Kito chenye mawe au shanga hakipimiki hivyo. Kitu chepesi pia: pete ya gramu 2 ya karati 18 inachukua mililita 0.13, na mizani ikikosea 0.01 tu hesabu yako inakosea kwa asilimia nane hivi, inatosha kukuchanganya kati ya karati mbili. Kitumie kwa bangili na mikufu mizito isiyo na uwazi. Vingine vyote peleka kwenye jiwe, au kwa sonara mwenye mashine ya miale ya eksirei. Kwenye maduka ya katikati ya mji unaweza kuomba upimiwe. Mashine hiyo haikwaruzi kito na inakutajia asilimia ya kila kitu, lakini inasoma sehemu nyembamba ya juu tu. Kuchovya kunene kunaweza kuidanganya. Ukiwa na shaka, omba ipimwe sehemu mbili, moja ikiwa kingo iliyochakaa au ndani ya kifungio.

Basi ununue ipi

Kwa mkufu au pete ya kuvaa kila siku, kazini, jikoni na kwenye daladala, mimi nachagua karati 18 ya njano. Ina dhahabu ya kutosha kuizuia shaba isitoke, na ina ugumu wa kutosha kwamba cheni nyembamba haitanuki na kukatika kila mwaka. Angalia neno "njano" nililoliweka hapo. Karati 18 yenye rangi ya waridi ina dhahabu ile ile ya 750, lakini robo iliyobaki karibu yote ni shaba, na ndani ya karati 18 hiyo ndiyo inayoweza kumwachia kijani mtu wa jasho kali. Dhahabu nyeupe kwa kawaida hupakwa juu madini meupe yaitwayo rodi; rodi ikiisha, kama ndani kuna nikeli, mwenye mzio atajua. Ukiipenda nyeupe, uliza kama imechanganywa kwa paladi.

Karati 21 na 22 hazina mpinzani kwa ngozi. Kijani hutakiona, isipokuwa kwenye lehemu mbovu. Nazichagua kwa bangili nene, kwa seti ya harusi na kwa mtu anayeweka akiba, kwa sababu siku ya kuuza sonara anakulipa gramu za dhahabu iliyomo. Kwa cheni nyembamba ya kila siku sizipendekezi: zinanyooka, pingili zinalika, na kila mara unapoilehemu unaongeza sehemu moja ya hatari ya kijani.

Karati 9 si wizi ikiuzwa kama karati 9 kwa bei ya karati 9. Ni ngumu na inafaa hereni, ambazo hazikai kwenye jasho sana. Kwa mkufu wa Dar naikataa. Ukitoka jasho utaona kijani, ukitumia sabuni ya salfa utaona weusi, na mkufu utahitaji kuoshwa mara kwa mara.

Vitu vya kuchovya vinatofautiana kuliko watu wanavyodhani, na tofauti yao ni unene wa utando. Vya bei ya chini utando wake haufiki hata nusu mikroni. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Utando mwembamba hivyo una vitundu, na jasho linafika kwenye shaba hata kabla haujachakaa. Kuna fedha iliyochovywa kwa mikroni mbili na nusu na zaidi, hiyo inavumilia kiasi. Navikubali kwa kitchen party, kwa picha, kwa kuvaa saa chache na kuvua. Soma muhuri kabla ya kulipa: 18K GP maana yake imechovywa tu kwa dhahabu ya karati 18, na 925 kwenye kitu cha njano maana yake ni fedha iliyochovywa. Herufi hizo mbili ndogo, GP, watu wengi hawazioni kwa sababu macho yameshikwa na 18K.

Chochote utakachochagua, kivue unapofulia kwa jiki na unapoingia kwenye bwawa la kuogelea. Klorini inashambulia shaba na fedha zilizo ndani ya mchanganyiko, na kwenye karati 9 hadi 18 inaweza kuleta nyufa ndogo kwenye viungo vyembamba. Pete inakatika bila kugongwa na kitu.

Iko alama moja zaidi, na hii haiko ngozini bali kwenye dhahabu. Pete ya njano ikianza kupata mabaka meupe ya rangi ya fedha, uliza kuhusu krimu ya kung'arisha ngozi. Baadhi ya krimu hizo zimetiwa zebaki, nayo zebaki hushikana na dhahabu na kuigeuza nyeupe. Baadhi ya vifungashio vyake huonya kabisa kwamba zisigusane na vito vya dhahabu na fedha. Pete hiyo usiipashe moto mwenyewe kuitoa weupe, kwa kuwa mvuke wake ni sumu, na usimpe fundi bila kumwambia. Krimu yenyewe iache siku hiyo hiyo: zebaki inapita kwenye ngozi na kuharibu figo, na ukiwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti ya mashine vitu vitatu: karati, uzito kwa gramu mpaka desimali mbili, na kama ni dhahabu yote au imechovywa. Mwombe akisugue kwenye jiwe mbele yako kwa upande wa ndani. Sonara mwenye mali safi hufanya hivyo huku mnazungumza, na haichukui dakika tano.